Tenda ya umeme ya chuo, Seme: reti moja ya kebo ilivyotukalisha wiki tatu

Hizi ni noti zangu za daftari, naziweka sasa kwa sababu kontrakti imeshasainiwa na zile siku 14 za mtu kwenda kulalamika bodi ya rufaa zimepita bila barua. Kabla ya hapo ukiwa kwa kamati ya tathmini unafunga mdomo, sheria ya manunuzi ya 2015 haichezi na hio. Majina ya kampuni sitaji, nitawaita kwa namba walizopewa siku ya kufungua. Mimi ni injinia wa umeme wa chuo, hapa Seme kwenye njia ya kwenda Bondo, si mbali na Kit Mikayi. Hayo mawe ya Kit Mikayi yakumbuke, yatarudi huko mbele.

Kazi yenyewe: kutoa laini nne za chini ya ardhi kutoka chumba cha mita hadi karakana nne, paneli kuu mpya, waya na taa ndani ya karakana, na athi. Makadirio yetu yalikuwa milioni 18.9.

Jumanne 8 Julai 2025

Tumekaa watano. Mwenyekiti ni mwalimu wa idara ya ujenzi, katibu ni madam wa manunuzi, alafu mhasibu, mimi, na jamaa mmoja wa mekaniko. Tuna siku 30 kwa sheria na hazirefushwi.

Zabuni saba. Hatua ya kwanza ni ndio au hapana tu, hakuna maksi. Namba 1 hakuweka namba za kurasa mwanzo hadi mwisho, akaanguka hapo hapo. Inauma kwa sababu kampuni ni nzuri, lakini hilo liko kwa sheria na liko kwa masharti, huwezi kumhurumia mmoja ukamwacha mwingine. Namba 4 leseni yake ya EPRA ilikuwa imeisha.

Namba 3 ndiye alitufanya tubishane. Jumla kwenye jedwali la vipimo (huku kila mtu anaita BQ) inazidi bei ya fomu ya tenda kwa 84,000. Mhasibu akasema si turekebishe tu, ni hesabu. Madam akamwambia, "Bwana, ile bei iliyosomwa siku ya kufungua haiguswi na mtu." Na kweli, kifungu cha 82 kinasema bei ya fomu ni ya mwisho, hairekebishwi na yeyote, na kanuni za 2020 zinaita kosa la hesabu mkengeuko mkubwa unaomwangusha mzabuni. Waliozoea kazi za watu binafsi hii huwashangaza, huko unarekebisha hesabu na maisha yanaendelea.

Wamebaki wanne.

Alhamisi 10 Julai

Bei: namba 2 ni 14,860,400. Namba 5 ni 17,918,500. Namba 6 ni 18,431,000. Namba 7 ni 19,752,000.

Mwenyekiti akafurahi kuona hio ya kwanza, milioni nne chini ya makadirio, akaanza kupanga vile zitabaki za kununua mashine ya kuchomelea. Nikamwambia mwalimu, pole pole. Hao wengine watatu wastani wao ni 18.7, wamekaa pamoja karibu na makadirio, huyu mmoja yuko asilimia 20 chini yao. Hio peke yake si dhambi. Mtu anaweza kuwa na stoo imejaa, ama vijana wake wako tayari site ya jirani, ama makadirio yetu ndio yamevimba. Lakini inatosha kukufanya ufungue BQ yake reti kwa reti, yaani bei ya kila kitu kwa kipimo kimoja.

Na hapa kuna makosa ambayo nimeona yakifanywa mara nyingi, watu wanalinganisha jumla tu, wakiona imepungua wanaandika kwa ripoti "bei ni ya chini mno" na wanamtupa. Hio haikai. Hakuna asilimia ambayo ukiipita umekufa. Masharti ya kawaida ya tenda yanasema ukishuku bei unamwandikia akupe mchanganuo, unaupima, ndio unaamua. Ukimtupa bila kumuuliza atakupeleka Nairobi kwa bodi na utarudi mikono mitupu.

Nikapanga reti za wote wanne kwenye Excel, karatasi moja, na safu ya makadirio kando. Kwa taa, soketi na breka ndogo namba 2 yuko chini ya wenzake kwa asilimia 7 hadi 10 kote kote. Hio ni bei ya mtu mwenye njaa ya kazi, haina neno. Paneli kuu yuko chini kwa kama 900,000, nikaiwekea alama. Alafu nikafika kwa kebo.

BQ inasema kebo ya shaba, kore nne za milimita mraba 70, yenye deraya ya chuma, mita 620, kununua, kulaza na kuunganisha. Makadirio 5,400 kwa mita. Namba 5, 6 na 7 wako kati ya 5,150 na 5,900. Namba 2 ameandika 2,450.

Hio laini moja ni tofauti ya 1,829,000 kutoka kwa makadirio. Karibu nusu ya ile milioni nne ya mwenyekiti iko kwa laini moja!

Ijumaa 11 Julai

Usiku sikulala vizuri nikawaza njia ya kupima hio reti bila kutegemea maoni ya mtu. Makadirio ni maoni. Bei za wengine pia ni maoni, wanaweza kuwa wote wamepandisha. Lakini uzito wa shaba si maoni.

Mita moja ya waya wenye milimita mraba moja ya shaba ina gramu 8.96. Kwa hivyo:

```
=4*70*8.96/1000      kilo 2.51 kwa mita
=2.51*9.6*129        shilingi 3,108
```

Hio 9.6 ni bei ya shaba soko la London, siku hizo ilikuwa dola 9,600 na ushee kwa tani, na 129 ni dola moja kwa shilingi. Sasa, kuwa mwenye haki kwa kontrakta, kebo inayoitwa 70 huwa haina 70 kamili. Viwanda vinapimwa kwa ukinzani, si kwa eneo, 70 ya shaba inatakiwa isizidi omu 0.268 kwa kilomita, na unaweza kufikia hapo na kama milimita mraba 65. Nikarudia na 65: kilo 2.33, shilingi 2,885.

Yaani shaba tupu, haijavutwa kuwa waya, haijavalishwa plastiki wala chuma, haijapanda meli, haijalipa ushuru Mombasa, hakuna aliyechimba mtaro, tayari imepita 2,450. Ukimwona mtu anakuuzia chapati kwa bei iliyo chini ya unga, kuna kitu.

Nikapita pia maduka mawili ya umeme mjini Kisumu kuuliza kama mteja wa kawaida. Kebo peke yake nikapewa karibu 4,300.

Jumatatu 14 Julai

Barua imetoka. Tulibishana juu ya maneno yake zaidi ya vile tulibishana juu ya hesabu.

Rasimu ya kwanza ya mhasibu ilikuwa inasema "tafadhali thibitisha kama bado unaweza kufanya kazi kwa bei hii." Swali kama hilo halina faida, nani atajibu hapana? Rasimu ya pili ilisema "reti yako ya kebo iko chini ya soko, irekebishe." Hio ni mbaya zaidi, umemwalika abadilishe bei, na hio ni haramu, ufafanuzi hauwezi kubadilisha kiini cha zabuni. Mwishowe tukaandika hivi: kwa kebo ya 70 na paneli kuu, toa mchanganuo wa reti ukionyesha vifaa, kazi ya mikono, gharama za ofisi na faida, ambatisha kwotesheni ya msambazaji, taja kiwanda na aina ya kondakta. Basi. Hatukumwambia tunashuku nini.

Namba 5 naye tukamwandikia. Huyu nilimwona nikiwa kwa ile karatasi ya Excel, nusura nimpite. Kwa mtaro kuna laini inasema nyongeza ya kuchimba mwamba, kyubiki mita 20 za kukadiria. Namba 6 ameweka 3,900, namba 7 ameweka 3,200. Namba 5 ameweka 18,000.

Kwa kyubiki 20 hio ni 360,000, haiumizi jumla. Lakini huyu alikuja siku ya kuzuru site, akatembea akipiga ardhi na kiatu. Mitaro yote ni mita 620 kwa upana wa 0.45 na kina cha 0.8, hio ni kyubiki 223. Kama nusu ni mwamba, ile 20 inakuwa 110, na yeye analipwa milioni 1.6 juu ya bei aliyoshinda nayo. Hapo anakuwa 19.5 na namba 6 anakuwa 18.8. Wa pili amekuwa wa kwanza na sisi tumeshasaini.

Na hio 20 ni nani aliandika? Ni sisi. Ni mimi, kusema ukweli. Niliiweka kwa mazoea, site ya Seme, Kit Mikayi unaiona kutoka barabarani, alafu naandika mwamba kyubiki 20 kama niko Ahero kwa udongo mweusi wa mpunga.

Ijumaa 18 Julai

Majibu yote yamefika kabla ya saa kumi.

Namba 2 kwa paneli: fundi wa kuunda paneli hapa hapa Kisumu, breka za chapa inayokubalika kwa masharti, kwotesheni ina tarehe na sahihi, boksi la chuma linakunjwa hapa badala ya kuagizwa. Ile 900,000 imeelezeka. Nikaandika hivyo kwa ripoti bila shida, manake bei ya chini yenye sababu ni bei nzuri, na ukiandika mabaya peke yake ripoti inaonekana umetumwa.

Kwa kebo: vifaa 1,720, kulaza 330, glandi na lagi za kufungia ncha za kebo 100, ofisi na faida 300. Jumla 2,450, hesabu iko sawa kabisa. Alafu nikafungua kwotesheni. Maelezo ya kebo yameandikwa `4C x 70 AL/XLPE/SWA/PVC`.

`AL`. Aluminiamu.

Sidhani alikuwa anatuibia. Nafikiri aliyeitisha bei dukani alisema "nipe ya sabini" na duka likampa ya bei nafuu. Aluminiamu ina uzito chini ya theluthi moja ya shaba na bei ya kilo iko chini sana, kwa hivyo 1,720 inaingia akilini. Ila ukurasa wa pili wa barua kuna sentensi moja: kampuni iko tayari kuleta kebo ya shaba kwa reti ile ile.

Jumatatu 21 Julai

Kikao kirefu. Jamaa wa mekaniko akasema, "Injinia, si amesema ataleta shaba? Hasara ni yake, chuo kinapata nini kibaya?" Swali zuri na mwenyekiti alikuwa upande wake.

Nikaweka hesabu kwa ubao. Shaba 4,300, yeye ameweka 1,720, tofauti 2,580 kwa mita 620, ni karibu milioni 1.6. Kwa mchanganuo wake mwenyewe ofisi na faida ni kama asilimia 12, ukiitandaza kwa tenda nzima inafika milioni 1.8. Kwa hivyo hio kebo moja inakula karibu faida yote na pesa ya kuendesha ofisi, kabla mvua haijanyesha, kabla drum haijakwama Mombasa. Dhamana ya utendaji tuliyoitisha ni asilimia 5, kwa bei yake ni 743,000. Akiona hasara ya milioni 1.6 mbele yake, kuacha kazi na kupoteza dhamana ni rahisi kuliko kuimaliza. Nimeiona hio sinema kwa kazi nyingine, kontrakta hakimbii siku ya kwanza, anafanya zile laini zenye faida, taa na soketi, analipwa, alafu mitaro inabaki wazi ikishika maji na wewe unaandika barua.

Ama anafanya kitu cha pili, analeta ile aluminiamu akitumaini hutachungulia. Mhasibu akauliza kwani aluminiamu ina ubaya gani, KPLC si wanaitumia kwa nguzo. Haina ubaya ikipangiwa. Hapa haikupangiwa. Karakana ya mbali iko mita 190 na inavuta ampea 120. Kwa shaba ya 70 unapoteza kama volti 14 kati ya 415, asilimia 3.3. Kwa aluminiamu ya ukubwa ule ule ukinzani ni 0.443 badala ya 0.268, unapoteza karibu volti 23, umepita ile asilimia 5 ambayo tunapangia, na mota za leithi zinaanza kulalamika zikiwaka pamoja. Alafu kwenye tamino, pale kebo inapofungwa, aluminiamu ikibanwa kwa lagi ya shaba ya kawaida inalegea polepole na inashika kutu nyeupe isiyopitisha umeme, siku moja unasikia harufu ya plastiki.

Lakini madam ndiye alimaliza mjadala, na hakugusa volti. Akasema, kilichoko kwa zabuni ni aluminiamu, kwa kwotesheni yake mwenyewe, na sisi tuliitisha shaba, hilo si kosa dogo. Ahadi ya kuleta shaba imekuja baada ya kufungua, kwa hivyo ni zabuni mpya. Tukiikubali tumempa nafasi wengine hawakupata. Kimya. Mwenyekiti akaiaga mashine yake ya kuchomelea.

Tumeandika sababu mbili na tumezitenganisha makusudi: moja, kifaa hakilingani na masharti, mbili, hata ukichukua shaba kwa reti hio, maelezo hayakuonyesha kazi inaweza kufanyika kwa bei iliyotolewa. Moja ikipingwa nyingine inasimama.

Jumanne 22 Julai

Leo ni mwamba. Namba 5 alijibu kwamba 18,000 ni ya kukodisha kompresa na jakihama kutoka mjini na hakuna baruti karibu na madarasa. Kuna ukweli ndani, lakini ni nyingi mno kwa ukweli huo peke yake.

Nikapiga hesabu ya pale wanapokutana. Namba 6 yuko juu kwa 512,500. Reti ya mwamba inatofautiana kwa 14,100. Gawanya, ni kyubiki 36. Kwa hivyo mwamba ukibaki chini ya jumla ya 56, namba 5 ni nafuu kweli. Ukipita, tumedanganyika.

Hatuwezi kumpanga upya kwa hesabu hio, vigezo ni vile tulivyochapisha. Lakini kujua kama kipimo chetu ni cha uongo hakuna anayetukataza, kikiwa cha uongo sana ni heri kusema kabla ya kusaini. Nikaenda na mzee wa shamba la chuo na vijana wawili, tukachimba mashimo tisa kwa njia ya mitaro. Mzee alicheka. "Injinia, ungeniuliza tu. Mawe yako upande wa karakana ya juu. Huku chini tunalima viazi."

Alikuwa sawa. Mashimo sita tulifika 0.8 bila kugonga kitu. Matatu, yote upande wa juu, tuligonga jiwe likianzia kama sentimita 30. Kipande hicho ni mita 130 hivi, kwa upana wa 0.45 na nusu mita ya jiwe, kyubiki 29. Nilienda nikiwa na hakika ninamkamata mtu. Sikumkamata. Amebahatisha kidogo, atapata kama 162,000 zaidi, lakini bado ndiye wa chini.

Jumanne 29 Julai

Ripoti imesainiwa na wote watano, kila ukurasa umewekwa herufi za jina, imeenda kwa madam kwa maoni yake ya kitaalamu alafu kwa mkuu wa chuo. Pendekezo ni namba 5, 17,918,500. Kiambatisho kina karatasi ya reti, barua zote na majibu, hesabu ya shaba, na mchoro wa mashimo tisa. Kwa mwamba tumependekeza upimwe na pande mbili mtaro ukiwa wazi, kabla jakihama haijagusa, na karatasi isainiwe siku hio hio. Ukipima baada ya kuvunja unapima hadithi.

Ijumaa 22 Agosti

Kontrakti imesainiwa. Namba 2 alipiga simu kwa madam baada ya kupata barua yake, akauliza, akaelezwa `AL` ni nini, akanyamaza kidogo, akasema asante. Nasikia alibadilisha duka.

Drum ya kwanza inakuja mwezi ujao. Nimeomba nikatiwe mita moja mbele yangu, niivue plastiki na deraya, niweke shaba kwa mzani wa jikoni ya chuo. Nikiona chini ya kilo 2.3 drum inarudi kwa lori.